Wenyeji wa Utumbo Mpana na Ulinzi Wao

Chakula kinapofika mwisho wa utumbo mwembamba, kazi kubwa ya mmeng'enyo huwa imekwisha. Wanga wa ugali na wali umeshavunjwa kuwa sukari, protini ya maharage na samaki imeshakatwakatwa kuwa amino asidi, na mafuta yameshalainishwa kwa nyongo na kufyonzwa. Kinachosukumwa kwenda utumbo mpana ni yale ambayo mwili wa binadamu hauna nyenzo za kuyavunja: nyuzinyuzi za mchicha, maganda ya maharage, wanga mgumu, ute wa utumbo wenyewe, na nyongo kidogo iliyoponyoka kufyonzwa. Masalia hayo ndiyo riziki ya bakteria wa utumbo mpana. Namna wanavyoyala ndiyo inayoamua mwili utafaidi nini katika masalia hayo, na ndiyo pia inayoamua kama vijidudu vya maradhi vinavyoingia na chakula au maji vitapata pa kukaa.

Kwa makadirio yaliyochapishwa mwaka 2016, mwanamume wa kilo 70 hubeba bakteria wapatao trilioni 38, idadi inayokaribiana na ya seli za mwili wake mwenyewe. Wote kwa pamoja wana uzito wa takriban gramu 200. Ile kauli ya zamani kwamba bakteria wanazizidi seli za mwili mara kumi bado inarudiwa, lakini hesabu haiiungi mkono. Karibu wote wanaishi utumbo mpana, ambako gramu moja tu ya masalia inaweza kuwa na bakteria bilioni 100. Tumboni huwa wachache kwa sababu ya tindikali kali, na katika utumbo mwembamba chakula hupita upesi kikiwa kimechanganyika na nyongo, ambayo huwaua wengi. Utumbo mpana ni tofauti: mwendo ni wa polepole, masalia hukaa humo saa nyingi hata siku nzima, na hewa ya oksijeni karibu haipo. Bakteria wengi wa humo hufa wakiguswa na oksijeni, na ndiyo maana kwa miaka mingi walikuwa wagumu kuoteshwa maabara.

Jeni za binadamu zinazotengeneza vimeng'enya vya kuvunja wanga na sukari za chakula hazifiki 20. Bakteria mmoja tu wa utumbo mpana, Bacteroides thetaiotaomicron, ana zaidi ya 260. Tofauti hiyo inaonekana wazi katika maharage. Sukari zake mbili, rafinosi na stakiosi, zimeunganishwa kwa kifungo ambacho hakuna kimeng'enya cha binadamu kinachokikata, kwa hiyo hupita utumbo mwembamba zikiwa nzima. Zikifika chini, bakteria huzichachusha haraka na kutoa haidrojeni na kaboni dioksidi. Tumbo kujaa baada ya mlo wa maharage ni dalili kwamba kazi hiyo inaendelea.

Kiporo cha ugali kinaonyesha jambo lile lile kwa namna nyingine. Unga unapopikwa, nyuzi za wanga hufunguka na kufyonza maji, na vimeng'enya vya mate na kongosho huzikata kwa urahisi. Ugali ukipoa usiku kucha, sehemu ya nyuzi hizo hujipanga upya na kushikana kwa nguvu kiasi kwamba vimeng'enya hivyo haviwezi kupenya. Wanga huo huteremka hadi utumbo mpana, na hapo hukutana na Ruminococcus bromii. Bakteria huyu hujibandika kwenye punje ya wanga na kuibomoa kwa vimeng'enya ambavyo wenzake wengi hawana. Hali yote anayoivunja. Sukari nyingine humponyoka, na bakteria walio jirani, kama Eubacterium rectale, huidaka na kuichachusha. Wengine huishi kwa uchafu wa hao wa pili. Ndiyo maana haitoshi kuuliza ni bakteria gani aliyemo. Lazima iulizwe pia analishwa na nani.

Mwisho wa msururu huo ni asidi fupi za mafuta, ambazo kubwa ni tatu: asetati, propionati na butirati. Asetati huingia kwenye damu na kutumiwa na misuli. Propionati huishia zaidi kwenye ini. Butirati haifiki mbali, kwa maana seli za ukuta wa utumbo mpana huichoma palepale, nayo huzipatia takriban asilimia 70 ya nguvu zake. Kwa mlaji wa kawaida, asidi hizi huweza kufikia asilimia 10 hivi ya nguvu zote mwili unazopata kwa siku.

Kuchomwa kwa butirati kuna faida nyingine, na hapa ndipo mmeng'enyo na ulinzi vinapokutana. Seli inayochoma butirati hutumia oksijeni nyingi inayoletwa na damu, hivyo inayobaki kuvuja kuelekea ndani ya utumbo huwa kidogo sana. Bakteria wasioipenda oksijeni hustawi, nao ndio wanaotengeneza butirati. Wavamizi kama Salmonella, pamoja na jamaa za E. koli, wanaweza kuishi bila oksijeni lakini hukua upesi zaidi wakiipata. Antibiotiki zikiwaua watengenezaji wa butirati, seli za ukuta hubadilisha chakula, huanza kutumia sukari kwa njia isiyohitaji oksijeni nyingi, na oksijeni iliyobaki huvuja. Majaribio ya panya yaliyochapishwa mwaka 2016 na 2017 yalionyesha kwamba kuvuja huko ndiko kunakowapa Salmonella na E. koli nafasi ya kuongezeka.

Kwamba bakteria wenyeji hulinda utumbo kulijulikana kabla ya yeyote kufahamu wanafanyaje. Mwaka 1954 Marjorie Bohnhoff na wenzake huko Chicago waliwapa panya dawa ya streptomaisini, kisha wakawalisha Salmonella sugu kwa dawa hiyo. Panya ambaye hakupewa dawa alihitaji kumeza takriban bakteria 100,000 ndipo aambukizwe. Katika mfululizo wa majaribio yao, panya aliyepewa dozi moja tu aliambukizwa na bakteria wasiozidi 10. Mwaka 1971 Mholanzi Dirk van der Waaij aliupa uwezo huo jina linaloweza kuelezwa kwa Kiswahili kuwa ukinzani wa makazi: wenyeji waliokwisha kukaa wanamnyima mgeni nafasi ya kujenga makao. Wanafanya hivyo kwa njia kadhaa kwa wakati mmoja. Wanamaliza sukari na amino asidi ambazo mgeni angekula, wanaweka mazingira yasiyomfaa, na baadhi yao hutoa kemikali za kumuua. Njia iliyochunguzwa kwa undani zaidi kuliko zote inahusu nyongo na bakteria mmoja anayeitwa Clostridioides difficile.

Clostridioides difficile alielezwa mara ya kwanza mwaka 1935, kutoka kwenye choo cha watoto wachanga wenye afya njema. Ilichukua hadi mwaka 1978 kuthibitishwa kwamba ndiye anayesababisha uvimbe mkali wa utumbo mpana kwa watu waliotumia antibiotiki, hasa klindamaisini. Anaishi nje ya mwili akiwa spora, yaani chembe iliyolala ndani ya ganda gumu. Spora hiyo haiuliwi na antibiotiki wala na kitakasa mikono cha spiriti. Wodini lazima kunawa kwa sabuni na maji ili iondoke. Mtu anaweza kuimeza na asidhurike kabisa. Ugonjwa huanza pale spora inapoamka na kuwa bakteria hai ndani ya utumbo, ikaongezeka, kisha ikatoa sumu mbili zinazoharibu seli za ukuta. Mgonjwa huharisha mara nyingi kwa siku, huumwa tumbo na kupata homa, na wakati mwingine utumbo huvimba kiasi cha kuhitaji upasuaji.

Kinachoiamsha spora ni nyongo. Ini hutengeneza asidi za nyongo za awali, hasa asidi ya koliki na ya kenodeoksikoliki, na kuziunganisha na amino asidi ya glaisini au na taurini kabla ya kuzimwaga kwenye utumbo mwembamba ili ziyeyushe mafuta. Karibu asilimia 95 hufyonzwa mwishoni mwa utumbo mwembamba na kurudi kwenye ini. Zilizobaki huteremka utumbo mpana. Spora ya C. difficile ikikutana na taurokolati, ambayo ni asidi ya koliki iliyoungana na taurini, pamoja na glaisini, hupata ishara kwamba imefika mahali penye chakula, nayo hufunguka. Joseph Sorg na Abraham Sonenshein walieleza jambo hilo mwaka 2008.

Katika utumbo wenye afya ishara hiyo haidumu. Bakteria wengi wa aina mbalimbali wana kimeng'enya cha kuikata taurini na glaisini kutoka kwenye asidi ya nyongo. Baada ya hapo huja hatua ngumu zaidi, ambayo ni kuondoa kipande kidogo cha oksijeni na haidrojeni kwenye kaboni ya 7 ya molekuli. Wanaoweza kuifanya ni wachache mno, na aliye maarufu kati yao ni Clostridium scindens. Kazi yake huigeuza asidi ya koliki kuwa asidi ya deoksikoliki, na ya kenodeoksikoliki kuwa ya lithokoliki. Hizi ndizo asidi za nyongo za pili. Ya lithokoliki huzuia spora kuamka. Ya deoksikoliki haizuii kuamka, lakini bakteria aliyeamka mbele yake hashiki kasi ya kukua, na mara nyingi hufa. Antibiotiki inayowaua hao wachache huacha utumbo ukiwa na ishara ya kuamsha spora bila kizuizi chake.

Uhusiano huo kati ya dawa, bakteria wachache na nyongo usingeunganishwa bila teknolojia ya kusoma vinasaba. Kuotesha bakteria kwenye sahani kulikuwa kunaonyesha wale tu wanaokubali kuota. Usomaji wa DNA huanza na choo chenyewe. Mtu hupewa kichupa chenye kijiko kidogo kwenye kifuniko, huchota kiasi cha njegere, na sampuli hugandishwa mara moja, kwa kawaida kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri, au huwekwa kwenye maji yenye kemikali ya kuihifadhi. Ikiachwa mezani siku nzima kwenye joto, bakteria wanaostahimili oksijeni huongezeka na matokeo hupotoka.

Maabara huchanganya sampuli na shanga ndogo ngumu na kuitikisa kwa nguvu ili ganda la kila bakteria lipasuke na DNA itoke. Hatua hii inaonekana ya kishamba, lakini ikifanywa ovyo huharibu utafiti mzima. Bakteria wenye ukuta mnene, wakiwemo jamaa za C. scindens, hawapasuki kwa kemikali peke yake. Maabara isiyotikisa vya kutosha itaripoti kwamba watu wake wana wachache wa aina hiyo, na msomaji ataamini kwamba ni tofauti ya chakula au ya nchi, kumbe ni tofauti ya mashine ya kutikisa.

Baada ya hapo ziko njia mbili. Ya kwanza, ambayo ni nafuu, husoma jeni moja tu inayoitwa 16S. Jeni hii ina herufi za DNA zipatazo 1,500 na kila bakteria anayo, kwa sababu inahusika na kiwanda cha kutengenezea protini. Carl Woese na George Fox waliitumia mwaka 1977 kupanga upya ukoo wa viumbe. Ubora wake ni kwamba ina sehemu ambazo karibu hazibadiliki kutoka bakteria mmoja hadi mwingine, na katikati yake kuna sehemu tisa zinazotofautiana. Vipande vifupi vya DNA hunasa kwenye sehemu zisizobadilika, na kipande kilicho kati yao hunakiliwa mamilioni ya mara. Wengi huchagua sehemu ya nne, yenye herufi takriban 250. Kila sampuli hutiwa alama yake ya herufi chache ili mamia ya sampuli yasomwe pamoja kwenye mashine moja, kisha programu hutenganisha, huondoa makosa ya usomaji, na kulinganisha kila mfuatano na hazina ya kumbukumbu kama SILVA. Kinachotoka ni jedwali: aina za bakteria upande mmoja, sampuli upande mwingine, na katikati idadi ya mara ambazo kila aina ilisomwa.

Jedwali la namna hiyo ndilo lililomfichua C. scindens. Kundi la Eric Pamer kwenye hospitali ya Memorial Sloan Kettering, New York, liliwapa panya antibiotiki tofauti na kuwaacha wapone kwa muda unaotofautiana kabla ya kuwalisha spora za C. difficile. Baadhi ya panya walishikwa, wengine hawakushikwa, na jedwali la 16S liliwaonyesha watafiti ni bakteria gani walikuwapo kwa waliosalimika. Walifanya hivyo pia kwa wagonjwa waliokuwa wakipandikizwa uboho, ambao hutumia antibiotiki nyingi na hupata C. difficile mara kwa mara. Kwa hesabu za kutafuta nani anaenda sambamba na nani, C. scindens alijitokeza juu, kwa panya na kwa binadamu, ingawa idadi yake ni ndogo mno ndani ya utumbo.

Kwenda sambamba si ushahidi, na hapo ndipo tafiti nyingi za usomaji wa DNA huishia bila kusema hivyo. Kundi hili liliendelea. Waliwalisha panya waliopoteza ulinzi mchanganyiko wa bakteria wanne, na kundi jingine wakalipa C. scindens peke yake. Panya hao walirudisha asidi za nyongo za pili, C. difficile alipungua, na vifo vilipungua pia. Kisha walichukua majimaji ya utumbo wa panya hao na kuongeza kolestiramini, dawa inayozikamata asidi za nyongo. Uwezo wa majimaji hayo kumzuia C. difficile ulitoweka. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015.

Tafiti zilizofuata zimeipunguza kidogo nguvu ya maelezo hayo, na ni vizuri kwamba zimefanya hivyo. C. scindens hutoa pia kemikali zinazotokana na amino asidi ya triptofani ambazo humdhuru C. difficile moja kwa moja. Mwaka 2021 kundi jingine lilitumia panya waliobadilishwa vinasaba wasitengeneze nyongo inayoweza kugeuzwa kuwa ya deoksikoliki, na bado bakteria wenyeji waliwapa kinga. Inaelekea kwamba jamaa za C. scindens humnyang'anya C. difficile amino asidi anazozitegemea kupata nguvu, hasa prolini. Nyongo imebaki kuwa sehemu ya maelezo, lakini si maelezo yote.

Njia ya 16S haiwezi kumaliza mjadala kama huo, kwa kuwa inasoma jina wala haisomi kazi. Mfano unaojulikana sana ni E. koli na Shigella. Wa kwanza kwa kawaida ni mwenyeji mtulivu, wa pili huleta kuhara damu, lakini jeni zao za 16S zinafanana kiasi kwamba kipande cha herufi 250 hakiwezi kuwatofautisha. Njia ya pili, ya usomaji wa DNA yote, hukata kila DNA iliyomo kwenye sampuli vipande vipande na kuvisoma bila kuchagua. Kwa njia hii mtafiti anaweza kutafuta moja kwa moja jeni za kundi la bai, ambazo ndizo zinazofanya ile hatua ngumu ya nyongo, bila kujali zimebebwa na nani. Mradi wa Ulaya wa MetaHIT ulitumia njia hiyo kwa watu 124 na mwaka 2010 ukatoa orodha ya jeni milioni 3.3, mara 150 hivi ya jeni za binadamu mwenyewe.

Miaka miwili baadaye mradi wa Marekani uliochunguza watu wazima 242 wenye afya ulionyesha jambo la kuzingatia. Aina za bakteria zilitofautiana sana kati ya mtu na mtu, lakini kazi za jumla, kama kuvunja sukari na kutengeneza amino asidi, zilifanana. Kazi ya kawaida ina wafanyakazi wengi wanaoweza kushika nafasi ya mwingine. Kazi ya kubadilisha nyongo haiko hivyo. Wanaoijua ni wachache, na dozi moja inaweza kuwaondoa wote. Kwa sababu hiyo hesabu ya wingi wa aina, ambayo magazeti huipenda, haitoshi kueleza kama utumbo umelindwa.

Jedwali la usomaji lina mtego mwingine unaowanasa hata watafiti wazoefu: hutoa sehemu ya mia, halitoi idadi halisi. Tuseme gramu moja ya choo ina bakteria bilioni 100, na E. koli ni asilimia 1, yaani bilioni 1. Antibiotiki ikishawaua karibu wote, wanabaki bilioni 1, na E. koli wamepungua hadi nusu bilioni. Jedwali litaonyesha E. koli asilimia 50. Msomaji ataona wameongezeka mara hamsini, ilhali ukweli ni kwamba wamepungua kwa nusu. Dawa ya kosa hili ni kuongeza kwenye sampuli kiasi kinachojulikana cha DNA ya kiumbe kigeni, au kuhesabu bakteria kwa kipimo kingine kabla ya kusoma. Na kwa kuwa dawa za maabara zenyewe huwa na chembe za DNA ya bakteria wa maji na udongo, kila kundi la sampuli linapaswa kuandamana na kichupa kitupu kilichopitishwa hatua zote. Utafiti usiotaja kichupa hicho husomwa kwa tahadhari, hasa kama sampuli ilikuwa na bakteria wachache.

Katika Afrika Mashariki, watu waliosomwa zaidi kwa njia hizi ni Wahadzabe wanaoishi kando ya Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, ambao bado wapo wanaoishi kwa kuwinda na kuchuma. Vyakula vyao vina nyuzinyuzi nyingi mno: mizizi wanayochimba, ubuyu na matunda ya porini. Utafiti wa mwaka 2014 uliwalinganisha na wakazi wa Bologna, Italia, ukakuta kwao Treponema na Prevotella kwa wingi, ilhali Bifidobacterium, ambaye Ulaya huhesabiwa kuwa dalili ya utumbo wenye afya, hakuonekana kwa watu wazima. Utafiti wa mwaka 2017 ulisoma sampuli 350 kutoka kwa Wahadzabe 188 katika misimu tofauti. Baadhi ya aina zilipungua hadi zisionekane wakati wa masika, msimu wa asali na matunda, kisha zikarudi kiangazi. Aina zilizoyumba hivyo ndizo zile zile ambazo ni adimu kwa wakazi wa miji ya nchi za viwanda.

"Zisionekane" hapo haina maana ya kutoweka. Usomaji una kina chake. Ukisoma mara 10,000, bakteria mmoja kati ya milioni atakuponyoka karibu kila mara. Ndiyo sababu utafiti wa mwaka 2023 ulisoma sampuli za Wahadzabe kwa kina kikubwa zaidi, ukakuta kwa wastani aina 730 kwa mtu mmoja, ikilinganishwa na 277 kwa watu wa Kalifonia. Asilimia 44 hivi ya vinasaba vyote vilivyounganishwa katika utafiti huo, ambao ulihusisha pia watu wa Nepali, havikuwa kwenye hazina zilizokuwapo. Hazina hizo zilijengwa zaidi kwa sampuli za Ulaya, Marekani na Uchina, na bakteria asiye na kumbukumbu humo hutoka kwenye jedwali bila jina. Sampuli ya Mbulu au ya Turkana inaposomwa kwa hazina kama hiyo, sehemu ya wenyeji wake hubaki haijulikani, hata kama mashine imeisoma vizuri.

Hospitalini maarifa haya yametumika zaidi kwa mgonjwa wa C. difficile ambaye ugonjwa humrudia. Vankomaisini huua bakteria walioamka lakini haigusi spora, na wakati huohuo huwaua wenyeji wanaojaribu kurudi. Takriban mgonjwa mmoja kati ya watano huugua tena baada ya tiba ya kwanza, na kila anaporudiwa uwezekano wa kurudiwa tena huongezeka. Madaktari wa Amsterdam walijaribu kumrudishia mgonjwa jamii nzima ya bakteria kwa kumwingizia choo cha mtu mwenye afya kilichochanganywa na maji ya chumvi, kupitia mrija uendao utumbo mwembamba. Katika jaribio walilolichapisha mwaka 2013, wagonjwa 13 kati ya 16 walipona kwa dozi ya kwanza. Kwa waliopewa vankomaisini peke yake walipona 4 kati ya 13. Jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati wake kwa sababu tofauti ilikuwa kubwa mno.

Hatari yake ni kwamba kinachohamishwa hakijulikani chote. Mwaka 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitangaza kwamba mgonjwa mmoja amefariki baada ya kupandikizwa choo chenye E. koli sugu kwa dawa ambayo mtoaji hakuwa amepimwa. Tangu hapo vipimo vya watoaji vimekazwa, na juhudi zimeelekezwa kwenye kuhamisha wanaohitajika tu. Dawa moja ya vidonge iliyoidhinishwa Marekani mwezi Aprili 2023 hutengenezwa kwa choo cha watoaji waliopimwa, kinachochanganywa na ethanoli. Ethanoli huua bakteria wasioweza kujilaza kuwa spora, wakiwemo E. koli, na huacha spora za jamaa za Clostridium, kundi lile lile lenye wabadilishaji wa nyongo. Mgonjwa humaliza kwanza antibiotiki yake, kisha humeza vidonge vinne kwa siku, siku tatu mfululizo.

Katika jaribio lililotangulia idhini hiyo, ugonjwa uliwarudia asilimia 12 ya waliopewa vidonge ndani ya wiki nane, na asilimia 40 ya waliopewa vidonge vitupu. Watafiti hawakuishia kuhesabu waliopona. Walisoma DNA yote ya choo cha wagonjwa na kukuta aina zilizotoka kwenye vidonge zikiwa zimekaa tangu wiki ya kwanza. Asidi za nyongo zilizopimwa kwenye sampuli zilionyesha za awali zikishuka na za pili zikipanda.